Chai ya huku, chai ya huko

*Shikamoo somo. Mchumba wangu yuko Malesia anasoma, posa imeshajibiwa ila nikahi mpaka arudi. Juzi baada ya magharibi tuliongea kwa simu ya video, nikawa namsimulia vituko vya watoto wangu wa chekechea mpaka chai yake ikapoa mkononi, akacheka sana, nikapiga skrinshoti (nimekutumia). Nataka kuiweka stetasi wasapu, ila humo wamo wazazi wa wanafunzi, mawifi, na mama. Nilifikiria "Mbali na macho, karibu na moyo" nikasita. Niandike nini kiwe kitamu ila akielewe yeye tu? Niko Chumbageni.*

Marahaba mwanangu, na hongera ya posa. Picha nimeiangalia mara mbili, mara ya kwanza nikaangalia uso wake kama ulivyotaka niuangalie, mara ya pili nikaangalia kila kitu kasoro uso, na hiyo ya pili nitairudia huko chini maana ina mambo. Ila tuanze na maneno ndo ulichoniulizia.

Mie nauza kanga hapa Ngamiani miaka ishirini na ushee sasa, na wenye harusi wakitaka kanga za sare wanakuja kwangu niwatungie jina. Kwa hiyo ukiniuliza kapsheni mie akili inakwenda moja kwa moja kwenye jina la kanga, maana ni kitu kilekile, maneno machache chini ya picha. Kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na chini ya mji kuna kile kisanduku ndo limo jina. Sasa angalia jina lenyewe linavyokaa: halina sahihi ya aliyesema, halimtaji anayeambiwa, na aliyejifunga akiulizwa ana haki ya kusema "kwani vipi, si nguo tu nimevaa". Hiyo "si nguo tu" ndo unayoitafuta wewe. Unataka maneno ambayo mama akiyasoma aone kitu kizima kisicho na shida, wala asihisi kafichwa, na yule wa Malesia akiyasoma yakamwingie mpaka tumboni. Mie naita masikio mawili. Na sikio la watu wengine lazima lishibe, hapa ndo wengi mnapokosea, mnaandika kitu hakieleweki kabisa, nukta tatu, herufi moja, kaufunguo, mnadhani mmeficha, kumbe mtu akiona kitu hakieleweki ndo anaanza kuchimba. Kitu kinachoeleweka hakichimbwi.

Hiyo yako ya moyo iache. Si mbaya, ila neno "moyo" ukiliweka juu ya picha ya kijana anacheka hata mtoto wako wa chekechea atakwambia mwalimu ana mchumba. Halafu imesemwa na kila mtu, yeye mwenyewe akiisoma hatasikia sauti yako, atasikia kadi ya dukani. Na kopa jekundu pia iache, ile ni kapsheni tosha hata usipoandika neno, umeshajitangaza.

Kuna hatari moja kubwa zaidi ya kujulikana, na kwa sisi watu wa Tanga inabidi uiogope kweli, nayo ni kusomeka kijembe. Ntakwambia yaliyonipata. Marehemu mume wangu alikuwa baharia, akiondoka ni miezi tisa, kumi. Miaka ya mwisho simu hizi zikawa zimeshaingia, siku moja meli imetia nanga wapi sijui mtandao ukakubali tukaonana, nikapiga picha ya mkono wake tu ule, nikaandika "Nimetulia na changu". Nikalala na furaha zangu. Kumbe jirani yangu mlango wa pili wiki ileile kaachika, na mie wala sina habari. Wiki tatu nampa salamu hajibu, nikimwaga maji uani anafunga dirisha, mpaka muuza maandazi ndo akanambia, unajua fulani anasema umemwandika stetasi. Nikajitetea weee, nikaapa, haikusaidia kitu, maana maneno yenyewe ukiyasoma kwa machungu yake yanasema hivyohivyo. "Nimetulia", maana yake kuna asiyetulia. "Na changu", basi kuna asiye na chake. Sentensi imechora mpaka, na upande wa pili wa mpaka lazima asimame mtu, na atakayesimama ni yule mwenye kidonda siku hiyo.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza siku hizi ni hicho, je katika haya maneno kuna adui? Ukiona "changu", "wao", "hata wakisema", "mwenye wivu", "bado mnangoja", hapo adui yumo, futa. Na "wewe" nayo uiangalie sana. Ukiandika "Nakungoja" kila anayefungua stetasi yako anaambiwa nakungoja, mzazi wa mwanafunzi anayedaiwa pesa ya uji atajua ni yeye. Kucheka cheka lakini ndivyo ilivyo, neno la nafsi ya pili kwenye stetasi halina anwani, linamwangukia atakayepita.

Basi utasema nitumie "yeye". Hapo Kiswahili kimekufanyia hisani kwanza, maana "yu" na "a" havisemi mwanamume wala mwanamke, ukisema "kafika salama" anaweza kuwa baba, shangazi, au dada. Na kuna kile kijimchezo cha po, ko na mo, ambacho mie nakipenda kuliko vyote na nimeshakitungia majina mengi. Upo ni pale unapopajua, uko ni huko kwa mbali au pasipo na alama, umo ni ndani. Mitaani tunachanganya po na ko kila siku hakuna anayejali, ila mo haichanganywi na mtu, ukisema "yumo" lazima kuwe na kitu na yeye yuko ndani yake. Kwa hiyo ukiandika

Yuko, na yumo.

umesema yuko mbali na yumo ndani, maneno mawili tu na kiunganishi, wala hujataja moyo, hujataja mapenzi, na aliyeko Malesia atajua yumo wapi. Hii nimempa binti mmoja ambaye mumewe yuko Afrika Kusini, ikamkaa vizuri. Ila huyo ni mke wa mtu, watu wakijua ni mume hakuna neno. Wewe bado, na "yu" inasema kuna mtu. Ukishasema kuna mtu, swali la pili ni nani, na mawifi wa Tanga wakishafika kwenye nani hawalali.

Ndo maana kwako ningehama kwenye mtu kabisa nikaingia kwenye kitu. Kwenye lugha yetu ukisema "imefika", "haijapoa", "inakuja", ile "i" inaweza kuwa barua, safari, chai, ndoa, kitu chochote, na hulazimiki kukitaja. Na wewe umebahatika kitu unacho, hukulazimika kukitafuta. Chai. Tena chai yenye hadithi, kikombe kimepoa mkononi kwa sababu wewe ulikuwa unasimulia na yeye hakutaka kukukatiza anywe. Hadithi hiyo wanaijua watu wawili duniani (na mie sasa, ndo ushauri ulivyo).

Sasa tuitunge, nikuonyeshe nilivyohangaika nayo jana dukani, maana haikuja mara moja. Kwanza niliandika nyuma ya risiti "Chai imepoa kwa maneno". Nikaisoma kwa sauti nikaipenda, ina kicheko ndani, na ni kweli ndivyo ilivyokuwa. Halafu akaingia mteja wangu wa siku nyingi nikamsomea bila kumwambia kitu, akanambia "eeh, nani tena kaleta maneno?" Ikafa palepale. Hapa kwetu "maneno" si maneno, ni umbea, ungekuwa umejiletea vita na watu usiowajua.

Ya pili, "Yangu bado haijapoa". Hii unaona inamjibu, yeye yake imepoa, yangu bado. Na "yangu" inajificha nyuma ya chai. Ila nikaisoma tena kwa sikio la wale vijana wa baraza la kahawa nikajifunika uso mwenyewe. Mwalimu wa chekechea huwezi kuandika hivyo mwanangu, watoto wa watu watahamishwa shule. Ukiacha kitu bila kukitaja unawaachia watu wakijaze, na watu hawajazi chai. Kwa hiyo hapo nikajifunza, kitu chako lazima kitajwe kwa jina lake, mlango wa uchafu ufungwe, kilichofichwa kiwe mwenye kitu, si kitu chenyewe.

Ya tatu ikawa "Chai ya huku haijapoa". Hapa tulikuwa tumekaribia sana. Angalia "huku" inavyofanya kazi, mtu hasemi huku kama hakuna huko, neno moja limebeba bahari nzima iliyo kati yenu na asiyejua hatoliona, ataona umesema jikoni kwako. Na hesabu mapigo: cha-i-ya-hu-ku, matano, ha-i-ja-po-a, matano. Jina la kanga likigawanyika vipande viwili sawa linakaa mdomoni, mtu anaweza kulisema huku anatembea. Nilikuwa nimeshaikubali hii nikaiandike vizuri, halafu usiku kitandani ikanisumbua ile "ja". "Haijapoa" maana yake bado, na ndani ya bado kuna "itapoa". Mtu anayekaa mbali hivyo peke yake saa sita ya usiku anasoma herufi kwa herufi, na huwezi jua siku hiyo kaamkaje, akikupigia kukuuliza "kwa hiyo itapoa?" hata kama ni kwa utani, umeshampa pa kushika.

Nikawaza, kwetu mtu akichelewa chai yake tunaifanyaje? Hatuiachi ikapoa wala hatuimwagi. Tunaifunika. Kisahani juu ya kikombe, au ukiwa na chakula unaweka kawa, na kila anayepita jikoni akiona kitu kimefunikwa anajua kuna mtu anatarajiwa, hata haulizi. Basi hii hapa, ichukue:

Chai ya huku imefunikwa

Hesabu tena, cha-i-ya-hu-ku, i-me-fu-ni-kwa, tano kwa tano. Na hiyo "kwa" ya mwisho usiibadilishe ukasema "nimeifunika", kwanza utaongeza pigo, pili utajitokeza. Imefunikwa, na nani haisemi, kwa ajili ya nani haisemi. Mama ataona chai imefunikwa isiingie nzi, jambo jema. Wazazi wa wanafunzi wataona mwalimu anakunywa chai. Ila yeye atakiangalia kikombe kwenye picha atajua hiki si cha huku, hiki ni changu, kiko mkononi mwangu huku Malesia, kwa hiyo hiyo chai ya huku anayoisema haimo kwenye picha, iko Chumbageni kwenye meza na kisahani juu yake inaningoja. Picha ya huko, maneno ya huku. Watu wote watadhani maneno yanaisemea picha, yeye peke yake atajua hayaisemei. Nukta mwisho usiweke, na usiweke herufi kubwa zote kama kanga yenyewe, kwenye simu inaonekana unapiga kelele. Kiemoji ukishindwa kabisa kujizuia weka kile cha kikombe, basi.

Haya sasa turudi kwenye picha, maana maneno yote haya hayana maana ikiwa picha inapayuka.

Uso wake unatoka, hilo unalijua mwenyewe, nikahi bado na hujaniambia kama yeye karidhia. Kumbuka wasapu haimwambii mtu kwamba umempiga skrinshoti kwenye simu ya video, kwa hiyo kama hukumwambia hajui, mwonyeshe kwanza ile iliyokatwa. Ila ukiutoa uso usidhani umemaliza. Juu kabisa pale kwenye picha jina lake limetokea, umemsevu kwa jina la mapenzi tena, nimecheka. Hilo linatokea kwa sababu ulikuwa umegusa skrini, ukigusa katikati vitufe na jina vinatoka, ukigusa tena au ukingoja kidogo vinaondoka, ndo upige. Kwenye kona kuna kidirisha chako wewe, umejifunga kanga kichwa wazi, wewe hukujiona kwa sababu ulikuwa unamwangalia yeye. Nyuma yake kitanda cha pili kuna mwenzake kalala, mtoto wa watu hana habari. Na ukutani kuna saa inasoma saa sita na dakika chache, wakati juu kwenye simu yako imeandikwa 19:06. Malesia iko mbele yetu masaa matano kamili, mwenye akili yake akizitazama hizo saa mbili anakuhesabia kijana yuko upande gani wa dunia.

Bado kuna kikombe. Kile kikombe kina nembo ya chuo chake mwanangu, kubwa, na jina chini yake. Na mkononi ana saa ya mkanda wa kahawia, nakuuliza swali moja tu, hiyo saa nani kamnunulia? Kama ni dada yake, basi mawifi hawahitaji uso. Mtu mliyelelewa naye unamjua kwa kucha.

Kwa hiyo ukate vipi. Unachohitaji ni vidole na ukingo wa juu wa kikombe, mwisho. Nembo ibaki chini nje ya picha, saa ya mkono ibaki kulia nje ya picha. Ila nilijaribu kuikata hivyo kwenye simu yangu ikawa imevunjikavunjika kama vigae, na si kosa la simu yako. Kwenye simu ya video picha inabanwa kulingana na mtandao, kwa hiyo skrinshoti inaweza kuwa kubwa sawasawa na kioo chako lakini kilichomo ndani ni kile tu mtandao ulichofikisha, ukikata kipande kidogo ukakivuta unavuta ukungu. Hii yako huwezi kuitengeneza, isevu ni yako na yeye.

Piga nyingine. Mwambie leo ashike kikombe kisicho na maandishi, asogeze mkono karibu na kamera mpaka ujaze nusu ya skrini, taa iwe mbele yake isiwe nyuma, na atulie kidogo, maana mkono ukitikisika unaacha mkia. Wewe ukae karibu na dirisha au popote mtandao wako unapokubali, ungoje sekunde kadhaa mpaka picha ijisafishe yenyewe utaona inavyonyooka, ndo upige. Simu weka kwenye hali ya kutosumbuliwa, isije meseji ya wifi ikashuka juu ya picha wakati unabonyeza, nimeshaiona hiyo. Utasema basi siyo ile tena ya kucheka. Ndiyo, siyo ile, ile ya kucheka ni ya kwenu. Ya watu ni ya kikombe.

Kuhusu nani aone, najua utaambiwa tumia zile seting za stetasi. Zipo, ukienda kwenye faragha ya stetasi kuna "My contacts except…" unawatoa usiowataka na kuna "Only share with…" unawachagua unaowataka. Mie kwako sipendi uzitegemee hizo, kwa sababu anayeona naye anaweza kupiga skrinshoti akamtumia aliyetolewa na wasapu haitakwambia, halafu unaulizwa "mbona mie hukunionyesha", na hilo swali ni baya kuliko picha yenyewe. Ukiwa na maneno yenye masikio mawili hata wote wakiona haina neno. Ila kama utaitumia, shika hili: ile seting inabaki palepale ulipoiacha, na ukibadilisha inashika zinazofuata, siyo uliyokwisha kuiweka. Kuna mwalimu mwenzio alichagua mtu mmoja tu siku ya Alhamisi, akasahau, Jumapili akaweka tangazo la wazazi walete vifaa kesho, likaonwa na mchumba peke yake. Jumatatu watoto wamekuja mikono mitupu na yeye kawakasirikia wazazi.

Muda wa kuweka, saa nne ya usiku kwako ni saa tisa ya usiku kwake, amelala. Weka hapo. Stetasi inakaa masaa 24, akiamka alfajiri kwake, nyinyi huku bado usiku mkubwa, watu wako wengi hawajaifungua, ataiona mapema kabla haijachezewa na mtu. Usimtumie meseji ya "umeona?", na kapsheni usimfafanulie. Akiwa ameelewa utajua tu, atakuuliza imefunikwa na nini, wewe jibu lako liwe tayari, kisahani au kawa.

Na mama akikuuliza hiyo chai umemfunikia nani, maana mama atauliza, mama zetu kanga wamezisoma kabla hujazaliwa, mwambie kweli chai imefunikwa iko mezani, na uhakikishe iko.